Sista, Jumanne Saa 2 Usiku Utakuwepo?

Wiki iliyopita niliahidi kuendelea na mambo ya kidonda cha upasuaji, lakini naomba niyaweke pembeni kidogo. Inboksi yangu imejaa swali moja linalokuja kwa sura nyingi: "Sista, nimeunganishwa kwenye vikao vya kina mama vya mtandaoni, kila wiki, mimi siwezi kuhudhuria zote, nifanyeje?" Mwingine ni wifi yake ndiye anayeviandaa. Mwingine alishalipia. Mwingine alijibu "nitajitahidi" na sasa kila Jumamosi saa 10 jioni ikifika anaiweka simu chini ya mto.

Mimi nina msimamo kwenye hili, na najua wapo watakaoniona mkali. Kikao cha mtandaoni cha kila wiki ambacho huwezi kuhudhuria mfululizo, kikatae mapema, ukikatae chote, kwa maneno yanayoeleweka. Usiseme nitajaribu. Nitawaeleza nilivyofika hapo, na sikufika kwa hekima. Nilifika kwa kosa langu mwenyewe.

Mwaka jana kundi moja la kina mama waliojifungua liliniomba niwe nesi wao. Simu ya pamoja kila Jumanne saa 2 usiku, wiki 8, kina mama 12. Aliyeniomba ni dada ninayemheshimu sana, tumelea watoto mtaa mmoja. Nikamjibu, "Dada yangu, nitajitahidi, Mungu akipenda." Ninyi mnajua maana ya jibu hilo. Tukiwa tumekaa barazani, mtu mzima akikusikia unasema "Mungu akipenda" kwa sauti ile ya kushuka, anaelewa kwamba huji, na hakuna anayekasirika. Kwenye meseji hakuna sauti ya kushuka. Dada aliyasoma maneno yangu kama yalivyoandikwa, na kesho yake tangazo likatoka na picha yangu, "Muuguzi wetu atakuwepo kila Jumanne."

Sikusema kitu. Nilidhani nitaweza. Jumanne tatu za kwanza niliweza kweli, tena vizuri, tukacheka, tukafundishana kumweka mtoto titini mpaka mama mmoja akalia kwa furaha kwa sababu chuchu zimeacha kuuma. Halafu nikapotea Jumanne nne mfululizo.

Hapa niwaoneshe hesabu, kwa sababu sikuifanya na ningeifanya ningejua tangu mwanzo. Rosta ya wodini kwetu inazunguka siku 8. Siku 2 za asubuhi, siku 2 za mchana, siku 2 za usiku, siku 2 za mapumziko, halafu unaanza upya. Zamu ya mchana inaisha saa 2 usiku, yaani muda ule ule kikao kinapoanza, na hapo bado kuna kukabidhi wagonjwa. Zamu ya usiku inaanza saa 2 usiku. Kwa hiyo saa 2 usiku mimi niko huru siku za asubuhi na za mapumziko tu, siku 4 kati ya 8. Nusu. Mtu akisikia nusu anafikiri wiki hii nipo, wiki ijayo sipo, si mbaya, watu watazoea.

Sivyo inavyokwenda. Wiki ina siku 7 na mzunguko wangu una siku 8, kwa hiyo kila wiki Jumanne inarudi nyuma hatua moja kwenye rosta. Kama Jumanne ya kwanza ni siku yangu ya kwanza ya asubuhi, Jumanne ya pili na ya tatu zinaangukia mapumziko. Ya nne na ya tano zinaangukia usiku. Ya sita na ya saba zinaangukia mchana. Ya nane narudi asubuhi. Umeona? Sipotei hapa na pale. Napatikana wiki tatu za mwanzo, watu wananizoea, wananiamini, wanaanza kuniwekea maswali yao, halafu ndipo napotea mwezi mzima. Hakuna mpangilio mbaya kuliko huo. Kama ningekuwa sipo kuanzia mwanzo wangetafuta mtu mwingine.

Chukua kalenda yako na wewe ufanye hivyo hivyo kabla hujajibu mwaliko wowote. Si lazima uwe nesi. Mume wako ni dereva wa safari ndefu na mtoto mkubwa anabaki na wewe wiki anazosafiri? Andika wiki hizo. Duka lako linafungwa saa 3 mwisho wa mwezi kwa sababu watu wamepata mshahara? Andika. Halafu weka vikao vyote juu yake, kimoja kimoja, uone vile utakavyokosa vinakaa wapi. Vikikaa pamoja, au vikiangukia pale jambo lenyewe linapofundishwa, jibu umeshalipata.

Narudi kwenye kosa langu. Jumanne ya nne nilikuwa zamu ya usiku. Kwenye kundi lile kulikuwa na mama wa uzazi wa kwanza, mtoto wake ana siku 11. Tangu Jumapili jioni mtoto alikuwa analala sana na hanyonyi kama kawaida. Anashika titi, anavuta mara mbili tatu, analala. Mama akaandika swali kwenye daftari lake. Mama mkwe alimwambia watoto wachanga ndivyo walivyo, mwache apumzike. Yeye moyo haukutulia, lakini akasema Jumanne si mbali, sista atakuwepo, nitamuuliza. Jumanne saa 2 usiku akaingia, akasubiri. Dada mwandaaji akasema, "Sista ameshindwa leo, wiki ijayo atakuwa nasi." Mama akafunga daftari.

Jumatano asubuhi mtoto ana joto la 38.4. Wakaja hospitali, wakaja kwetu. Nilikuwa bado sijatoka zamu. Nikamwona mama yule mlangoni, ndiyo mara ya kwanza namwona uso kwa uso. Mtoto alilazwa, akachomwa sindano za antibayotiki siku 10, akapona, leo anatembea. Lakini mama yule aliniambia kitu, wala hakuwa ananilaumu, alikuwa anaeleza tu: "Nilikuwa nakusubiri wewe, sista."

Ngoja niseme la kinesi hapa kabla sijaendelea, maana haliwezi kusubiri sehemu inayofuata. Mtoto mchanga anayekataa kunyonya au aliyeacha kunyonya vizuri hasubiri kikao cha mtu yeyote, hata siku moja. Vivyo hivyo mwenye joto la 37.5 au zaidi, au aliyepoa chini ya 35.5, anayepumua mara 60 au zaidi kwa dakika, ambaye kifua kinabonyea ndani akivuta pumzi, aliyepata degedege, au anayelegea mpaka umguse ndipo ajitikise. Huyo ni wa kituo cha afya sasa hivi, usiku huo huo. Unajua kwamba mchanga ananyonya mara 8 mpaka 12 kwa siku nzima, usiku na mchana? Ukiona ameshuka sana kutoka hapo na kumwamsha ni kazi, ondoka nyumbani.

Sasa wapo watakaoniambia, sista unajihukumu bure, mama alipaswa kuja hospitali. Ni kweli alipaswa. Lakini mimi ndiye niliyempa mahali pa kusubiri. Ningekuwa nimesema hapana mwezi ule, asingekuwa na Jumanne ya kuingojea. Angempigia mtu mwingine Jumapili ile ile. Nimelitafakari sana usiku wodini na sijapata njia ya kulikwepa.

Na swali linalokuja kila mara ni hili: si heri kuhudhuria mara chache kuliko kutohudhuria kabisa? Inategemea ni kikao cha namna gani, na watu wengi hawatofautishi. Ipo webina ya mhadhara, mtaalamu anazungumza, watu 200 wamezima kamera, anayeuliza anaandika pembeni. Hiyo ingia unapoweza, toka unapoweza, hakuna anayekuhesabu na hakuna unayemuumiza. Huhitaji hata kujieleza. Lakini kikao cha watu 10 au 12 ambapo kila mmoja anajulikana kwa jina la mtoto wake, ambapo Mama Junior anaulizwa "lile tatizo la wiki jana limeishaje?", hicho ni kitu kingine kabisa. Pale mtu akikosekana kuna shimo.

Jiulize tu kama kuna mtu atakayekusubiri. Kama yupo, nusu nusu haifai.

Na si kwa nesi peke yake. Hata mshiriki wa kawaida anaharibu bila kujua. Kundi la kina mama 12, watano wanakuja wiki moja na kukosa mbili, kinachotokea nimekiona kwa macho yangu. Kila kikao kinaanza kwa kurudia cha wiki iliyopita ili waliokosa wasipotee. Akaunti ya bure ya Zoom inakata kikao dakika ya 40. Ukitumia dakika 15 kurudia, umebaki na 25, na katika hizo kuna salamu, kuna mtoto analia, kuna mwenye mtandao unaokatika. Wale waliohudhuria zote wanachoka kusikia jambo lile lile, wanaanza kuacha mmoja mmoja. Wiki ya sita mwandaaji amebaki na watu wanne na anajiona amefeli, kumbe hakufeli yeye. Halafu kuna yule aliyeambiwa nafasi zimejaa, na kiti chako kiko wazi.

Mtu atasema, nitasikiliza rekodi. Mama mwenye mtoto wa wiki tatu, mdogo wangu, utaisikiliza saa ngapi? Nawaambia kwa upendo, na mimi nina wawili. Rekodi nimezihifadhi nyingi kwenye simu, mpaka simu ikaniambia nafasi imekwisha, nikazifuta sijafungua hata moja. Kwa mhadhara rekodi inafaa. Kwa kikao cha kuulizana haijibu swali lako, maana hukuwepo kuliuliza.

Kuna jambo jingine kwa wenye vichanga. Waandaaji wengi hupenda saa 1 mpaka saa 3 usiku kwa sababu kazi zimeisha. Ndio muda ambao vichanga wengi wanataka titi mfululizo, ananyonya, anaacha, analia, ananyonya tena, saa mbili tatu. Ni kawaida katika wiki za mwanzo na haimaanishi maziwa hayatoshi kama anaongezeka uzito na analowesha nepi vizuri. Lakini ina maana kikao cha saa 2 usiku kimewekwa juu ya saa yako ngumu kuliko zote. Hukujipangia hivyo. Ukisema "kwa miezi mitatu hii saa hiyo siipati," umesema ukweli mtupu, wala huhitaji kutunga ugonjwa wa bibi.

Sasa namna ya kukataa. Mwaka huu dada yule yule alinirudia. Kundi jipya, wiki 8, Jumanne ile ile, saa ile ile. Safari hii nilifungua rosta kwanza. Jioni hiyo hiyo nikampigia, sikuandika kwenye kundi. Hili la kumpigia au kumwandikia yeye peke yake ni la muhimu. Ukikatalia kwenye kundi mbele ya watu 30, unamlazimisha akubembeleze mbele yao, na watu wataanza kukuombea kwa emoji za mikono. Na kwa mtu mzima au ndugu wa mume, simu ina heshima kuliko meseji. Wifi yako usimwandikie hapana. Mpigie, uulize watoto, uulize mama, kisha useme.

Hakupokea, kwa hiyo nilimwandikia, na meseji yenyewe ilikuwa hivi:

"Dada yangu shikamoo. Ahsante kwa kunikumbuka tena. Jumanne za kundi jipya sitaweza, zote. Rosta yangu inazunguka, nitapatikana tatu za mwanzo halafu nipotee wiki nne, na ulishaona mara ya kwanza ilikuwaje. Naomba jina langu lisiwekwe kwenye tangazo. Kama itakufaa, Jumanne ya tatu niko mapumziko, naweza kuja siku hiyo moja tu nifundishe dalili za hatari kwa mchanga, kisha niondoke. Nikitoka zamu kesho saa 2 asubuhi nitakupigia."

Angalieni maneno mawili pale, "sitaweza, zote". Nilihangaika nayo kwa robo saa. Mkono ulitaka kuandika "sidhani kama nitaweza", ukataka kuandika "labda tuone". Nilivifuta. Mtu anayeandaa kikao ana njaa ya jina, ukimwachia tundu dogo ataingiza mkono. Simlaumu, ningekuwa mimi ningefanya hivyo. Na sababu ni moja tu. Ukitoa sababu nne, anazijibu nne: mtoto utamwachia dada wa kazi, bando nitakutumia, muda tutasogeza, kamera zima. Sababu moja ya kweli haijibiki kirahisi.

Kuhusu tangazo, usione aibu kulitaja. Mara nyingi jina linaingia kabla hujajibu, na likishatoka kwenye stetasi za watu 50 hulipati tena. Kama limeshatoka, omba litolewe jipya siku hiyo hiyo. Ni usumbufu, ndiyo. Lakini kuna mama anayejiunga kwa sababu ya jina lako.

Na ile ofa ya siku moja, msiione kama lazima. Nilitoa kwa sababu niliipata kwenye rosta na somo lile linasimama lenyewe, mtu akilisikia mara moja linamtosha. Nisingeweza kutoa siku moja kwenye somo la kunyonyesha, kwa sababu kunyonyesha kunahitaji kurudi na kuangalia imekuwaje. Kama huna cha kutoa, sema hapana na ahsante, inatosha. Wengine tunatoa ofa ili tusichukiwe, kisha ofa yenyewe inatushinda na tunachukiwa mara mbili.

Alinipigia kabla sijampigia. Akasema, "Sasa si uingie tu hata ukiwa kazini, weka simu mfukoni, sisi tutakusikia ukipata nafasi?" Hii ndiyo hatua ambayo wengi huanguka, kwa hiyo nikae hapa kidogo. Saa 2 usiku wodini ni saa ya kukabidhi. Natembea kitanda kwa kitanda na mwenzangu, namwambia huyu alitoka damu nyingi, huyu dawa yake ya saa 4, huyu mtoto wake yuko chumba cha watoto njiti. Ukiniwekea sauti nyingine sikioni, kuna mgonjwa mmoja nitakayemruka. Sijui ni nani, lakini yupo. Na nikiingia kwenye daladala nikirudi, kina mama wale wanazungumza matiti, vidonda vya chini, mambo ya chumbani na waume zao. Hata nikivaa spika za masikioni, nitakapojibu abiria wote watanisikia nikisema, "Mama Neema, subiri kidonda kipone ndipo mkutane." Siwezi kumfanyia mama wa watu hivyo. Na wewe unayeingia kwenye kikao ukiwa sokoni au sebuleni kwa mama mkwe, fikiria, wenzako wamefungua mioyo wakidhani uko peke yako.

Nilimwambia hivyo hivyo. Akanyamaza. Akasema, "Basi badilishana zamu na wenzako." Nikamwambia mara ya kwanza nilibadilishana mara mbili, na kila zamu ya kukopa inalipwa, nililipa kwa kulala wodini usiku wa nne mfululizo, na kuna sindano niliyokaribia kuichanganya kabla mwenzangu hajanishika mkono. Hapo akasema, "Haya mdogo wangu." Sauti haikuwa nzuri. Nilijua amenuna.

Baada ya simu nilimalizia vitu viwili vidogo. Alikuwa amenitumia mwaliko kwenye kalenda ya Google, ule unaojirudia kila wiki. Ukiuacha bila kujibu, yeye anaendelea kukuona kama mtu ambaye bado hajajibu, na wewe simu inakulilia kila Jumanne. Ukibonyeza `Maybe`, umerudi kwenye "nitajitahidi". Bonyeza `No`, na ikikuuliza kama ni kwa kikao kimoja au vyote, chagua `All events`. Wengi hukosea hapo, wanachagua `This event`, wanadhani wamekataa mfululizo mzima kumbe wamekataa Jumanne moja tu. Na kundi la WhatsApp nilimwaga dada kwanza, kisha nikatoka. Siku hizi ukitoka, wanaoarifiwa ni maadmini tu, haitangazwi kwa wote kama zamani, kwa hiyo ile hofu ya "wataniona natoka" imepungua. Kubaki humo ukiwa umekataa ni kujitafutia maswali ya saa 6 usiku.

Kwa waliokwishaingia na wameanza kukosa, kosa la kawaida ni kupotea kimya kimya. Nalielewa, aibu inaongezeka kila wiki mpaka inakuwa kubwa kuliko kikao chenyewe. Mwandikie mwandaaji leo, kabla ya kikao kijacho na si baada yake: nilikosa tatu, nitaendelea kukosa, naomba unitoe, nafasi yangu mpe mwingine. Usiombe radhi aya nzima. Kama ulilipa, uliza kwa upole kama unaweza kuhamishiwa kundi la baadaye, mtoto akifika miezi minne au mitano, jioni zitakapokuwa zimetulia kidogo. Kama hawarudishi hela, hela imekwenda, lakini Jumamosi zako zimerudi.

Na ninyi mnaoandaa, maana najua mpo humu. Mkiuliza mtu "utaweza?" mnampa njia moja tu ya heshima, nayo ni kusema ndiyo. Muulizeni, "Kati ya tarehe hizi 8, zipi huwezi?" Mtumieni tarehe zote zikiwa zimeandikwa. Akikutajia tatu, mwambieni nyie wenyewe kwamba safari hii apumzike. Mtamwondolea mzigo ambao hana ujasiri wa kuushusha.

Dada alininunia wiki mbili hivi. Tulipishana sokoni, akanisalimia kwa mbali. Kisha siku moja akanitumia tangazo jipya, halina picha yangu. Wamempata mkunga mstaafu, mama wa makamo anayekaa karibu na kwao, hana rosta wala mtoto mdogo, na amezalisha nusu ya mtaa ule. Jumanne ya tatu niliingia dakika 40 zangu, nikafundisha dalili za hatari, nikawaambia namba ya kituo chao cha afya waiandike ukutani, nikaaga. Mama mmoja akauliza, "Sista, wiki ijayo utakuwepo?" Nikamwambia, "Hapana mama, sitakuwepo. Mulize bibi mkunga, yeye yupo kila wiki." Akasema sawa, na nikamsikia akianza kumuuliza bibi kabla sijabonyeza kutoka.

Kidonda cha upasuaji tutakiendeleza Alhamisi, nikiwa mapumziko.